Chupa Ndogo Ndiyo Yenye Dawa Kali

Ukiomba parasetamoli ya mtoto katika duka la dawa, unaweza kupewa mojawapo ya chupa mbili. Moja ni kubwa na huja na kijiko cha plastiki au kikombe kidogo. Ndiyo dawa ya maji waliyoizoea wazazi wengi. Nyingine ni ndogo, ya mililita 15 hivi, na huja na dropa. Kwa udogo wake, watu huidhani kuwa ndiyo nyepesi, dawa ya vichanga. Kumbe ni kinyume. Mtoto mchanga hutema akipewa maji mengi, hivyo watengenezaji huiweka dawa nyingi katika maji machache ili ameze kidogo tu.

Tazama lebo. Chupa kubwa kwa kawaida huandikwa 120 mg/5 ml, yaani kijiko kizima cha chai kina miligramu 120. Ukigawanya, kila mililita ina miligramu 24. Chupa ya dropa mara nyingi huandikwa 100 mg/ml. Mililita moja ya hiyo inazidi nguvu mililita moja ya ile kwa mara nne na ushei.

Chukua mtoto wa miezi mitano mwenye kilo 6. Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kisichozidi mara nne kwa siku. Tuseme daktari ameamua miligramu 60. Katika chupa kubwa hizo ni mililita 2.5, nusu kijiko cha chai. Katika chupa ya dropa ni mililita 0.6 tu. Sasa mama yuko kazini, chupa kubwa imekwisha, na bibi aliyezoea kutoa nusu kijiko anaikuta chupa ndogo mezani. Anamimina nusu kijiko kama siku zote. Mtoto amemeza miligramu 250. Akirudia mara nne, siku hiyo mtoto anapata miligramu 1,000, ilhali hakupaswa kuvuka 360. Bibi hakukosea kupima. Nusu kijiko chake kilikuwa sahihi kabisa kwa dawa nyingine. Ndiyo maana mimi naona agizo la “nusu kijiko” au “dropa moja” halitoshi. Mzazi aambiwe miligramu ngapi, kisha mililita ngapi za chupa ile aliyoishika mkononi.

Marekani walikuwa na tatizo hilohilo. Matone ya vichanga yalikuwa makali mara tatu kuliko dawa ya watoto wakubwa, na mwaka 2011 watengenezaji walitangaza kuacha nguvu hiyo na kubaki na moja tu, 160 mg/5 ml, kwa wote.

Dropa yenyewe nayo ina mambo yake. Iliyotoka na dawa imechorwa mistari kwa ajili ya dawa hiyo: moja ina mstari wa 0.4 na 0.8, nyingine ina wa 0.5 na 1. Ukiihamishia chupa nyingine, “mpaka kwenye mstari” inakuwa kiasi kingine.

Pale kipimo kinapohesabiwa kwa matone, ukubwa wa tone nao hubadilika. Wafamasia wana kanuni ya zamani kwamba matone 20 ya maji hufanya mililita moja, lakini hiyo ni kwa dropa maalumu iliyoshikwa wima. Ncha nyembamba hutoa tone dogo. Dawa iliyochanganywa na spiriti hutoa matone madogo kuliko maji. Ukiinamisha dropa, tone hubadilika pia, kwa hiyo fuata maelekezo ya jinsi ya kuishika.

Vitamini D ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi hapa. Mtoto mchanga hupewa yuniti 400 kwa siku. Kuna chupa ambayo yuniti hizo zimo katika mililita nzima, na kuna nyingine ambayo zimo katika tone moja tu. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, kwa kuwa baadhi ya dropa zilizouzwa na vitamini D ziliweza kubeba kiasi kinachozidi dozi ya kichanga.

Dropa ikipotea au kupasuka, usikisie kwa kijiko. Nenda na chupa dukani, uombe bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, na mfamasia akuonyeshe mstari wenyewe.

Na ukigundua mtoto amezidishiwa parasetamoli, usingoje dalili. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima, kumbe ini linaanza kuumia. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Mpeleke hospitali ukiwa na chupa pamoja na kifaa ulichopimia, useme ulitoa mara ngapi na saa ngapi, kwa sababu daktari atahitaji vyote hivyo kukokotoa miligramu alizomeza.