Fagia Video za Zamani Kwanza, Ndipo Uweke Muda

Simu ikigoma kupiga picha kwa sababu imejaa, wengi hukimbilia kuwasha ujumbe wa kutoweka kwenye WhatsApp, wakitarajia video za miaka yote ziondoke. Haziondoki. Mpangilio huo, ulioanza Novemba 2020, hugusa ujumbe unaotumwa baada ya kuuwasha tu. Video ya harusi ya mwaka juzi itakaa pale pale mpaka uifute mwenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kufagia. Ingia Settings, kisha Storage and data, halafu Manage storage. Juu utaona mafungu mawili: vitu vinavyozidi MB 5, na vile vilivyosambazwa mara nyingi. Mimi ningeanza na hilo la pili, kwa kuwa ndimo zilimojaa salamu za asubuhi na vichekesho ambavyo hakuna atakayevitafuta tena. Chini yake mazungumzo yamepangwa, lenye mzigo mkubwa likitangulia, na mara nyingi hilo huwa ni grupu. Unachofuta hapa kinafutika kwenye simu yako. Wenzako wanabaki nacho. Video ya marehemu bibi au ya mtoto akianza kutembea ihamishe kwanza kwenye kompyuta au flashi.

Sasa weka muda. Fungua grupu, gusa jina lake, kisha Disappearing messages. Utachagua saa 24, siku 7 au siku 90, na tofauti yake si ndogo. Chukua grupu la ukoo linalopokea video kumi kwa siku, kila moja MB 15. Hiyo ni MB 150 kila siku. Kwa siku 7, mzigo hauvuki takriban GB 1. Kwa siku 90 unafika GB 13.5, na kwa mwenye simu ya GB 32 huo si msaada. Katika magrupu mengi mwanachama yeyote anaweza kubadilisha muda huu, isipokuwa viongozi wamezuia. Basi waambie ndugu kabla ya kuuwasha, maana nao zitawatoweka.

Hesabu hiyo huharibika ukiacha simu ipakue video yenyewe. Ujumbe utatoweka kwenye mazungumzo, lakini nakala iliyopakuliwa inaweza kubaki kwenye galari. Rudi Storage and data, tafuta Media auto-download, uondoe alama ya video kwenye data na kwenye Wi-Fi pia. Kuanzia hapo utagusa ile unayotaka kuiona tu, na bando nalo litapumua.

Ukishafuta na nafasi bado haijaongezeka, tazama kapu la taka la galari. Simu nyingi hushikilia humo ulichofuta kwenye galari kwa siku 30, na nafasi hairudi mpaka kapu limwagwe.