Shamba lipumzike miaka mingapi?

Nye na Greenland, katika kitabu chao cha 1960 kuhusu kilimo cha kuhamahama, walitumia hesabu nyepesi: kila mwaka udongo hupokea kaboni ya majani na mizizi, na hupoteza asilimia fulani ya iliyomo. Hivyo pengo huzibika haraka mwanzoni, kisha polepole.

Tuseme msitu hutulia kwenye tani 40 kwa hekta, na kilimo kimeishusha hadi 28. Pengo likipungua asilimia 3 kwa mwaka, nusu yake, tani 6, hurudi baada ya miaka 23 hivi. Robo tatu hudai 46! Mkulima gani atangoja?

Wapimaji wajihadhari na mkaa uliobaki baada ya kuchoma msitu: huoza kwa shida, na ukiingia kwenye sampuli, udongo uliochoka utaonekana umepona.