Faili la RTF kuwa la Word: Picha huachwa nyuma

Ripoti iliyokamilika ofisini yaweza kumfikia mpokeaji ikiwa haina picha hata moja. Kasoro hiyo hujitokeza faili la RTF linapogeuzwa kuwa la Word.

Kubadili jina kutoka .rtf kuwa .docx hakutoshi. Faili hufunguliwa ndani ya Word, kisha huchaguliwa Save As na Word Document.

Ukaguzi huanzia kwenye vichwa vya habari. Kichwa kikibofywa na Styles ikaonyesha Normal badala ya Heading 1, mtindo umepotea, ingawa maandishi yangali mazito. Majedwali hulinganishwa na ya awali, safu kwa safu.

Picha huhadaa zaidi: huenda faili lina anwani yake tu, hivyo huonekana kwenye kompyuta ya mwandishi pekee. Dawa ni Edit Links to Files, kisha Break Link, kabla ya kutuma.