Namba iliyo mwishoni mwa anwani

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa iliyofanyika Agosti mwaka huo: Tanzania ina watu 61,741,120. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 2012, ilihesabu watu 44,928,923. Katikati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya watu zaidi ya milioni 16, na kila kitabu, tovuti na ukurasa wa Wikipedia uliokuwa na namba ya zamani ulilazimika kubadilishwa.

Sasa tuseme kuna mwanafunzi wa chuo aliyeandika ripoti yake mapema mwaka 2022. Alifungua ukurasa wa Tanzania kwenye Wikipedia, akanakili namba ya sensa ya 2012, na katika marejeo akaandika anwani ya ukurasa huo basi. Msimamizi wake anaisoma ripoti mwezi Desemba. Anabonyeza anwani ile, ukurasa unafunguka vizuri, lakini namba aliyoandika mwanafunzi haimo. Msimamizi hana njia ya kujua kama mwanafunzi alikosea kunakili, aliitunga, au aliisoma pale pale siku ambayo ilikuwapo. Mwanafunzi hakudanganya, ila rejeo lake linampeleka msomaji kwenye ukurasa ambao yeye mwenyewe hakuusoma.

Jambo hili lina dawa, na imo ndani ya Wikipedia yenyewe na tovuti nyingine zote zinazotumia programu ya MediaWiki. Kila mtu anapohariri ukurasa na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu haifuti maandishi ya awali. Inahifadhi nakala mpya nzima, inaipa namba yake, na ile ya zamani inabaki ilipo na namba yake ya zamani. Kwa hiyo ukurasa wa Tanzania si ukurasa mmoja, ni mfululizo mrefu wa matoleo, na anwani ya kawaida hukuletea lile la mwisho tu.

Kuyaona mengine, bonyeza sehemu ya historia iliyo juu ya ukurasa. Utapata orodha ndefu, kila mstari ukiwa hariri moja: tarehe na saa, jina la mhariri, ukubwa wa ukurasa, na mara nyingi maelezo mafupi ya alichobadilisha. Tarehe yenyewe ni kiungo. Ukiibonyeza, unaletewa ukurasa jinsi ulivyokuwa mara baada ya hariri hiyo, na juu yake kuna tangazo kwamba hili ni toleo la zamani. Hapo tazama anwani iliyo juu ya kivinjari chako. Itafanana na hii, ingawa namba niliyoweka hapa ni ya mfano tu:

```
https://sw.wikipedia.org/w/index.php?title=Tanzania&oldid=1234567
```

Kinachobeba mzigo wote ni namba inayofuata `oldid`. Namba hizo hazianzi upya katika kila ukurasa. Zinahesabiwa kwa wiki nzima, kwa mpango ambao hariri ya ukurasa wa Tanzania inaweza kupata namba moja na dakika hiyo hiyo hariri ya ukurasa wa Mombasa ikapata inayofuata. Ndiyo maana hata jina la ukurasa likibadilishwa kesho, kiungo chako kinaendelea kufika kulekule, maana namba ndiyo inayoongoza, si jina. Na ndiyo maana pia tarakimu moja ikikosewa hupati toleo la jirani la ukurasa wako, bali waweza kujikuta kwenye makala ya samaki au ya mchezaji mpira. Vilevile Wikipedia ya kila lugha ina hesabu yake, hivyo herufi `sw` au `en` zilizo mwanzoni mwa anwani ni sehemu ya rejeo sawa na namba yenyewe.

Ukiwa umefungua toleo la sasa, huna haja ya kupita kwenye historia. Katika orodha ya zana za ukurasa kuna kiungo cha daima, nacho hukupa anwani yenye namba ya toleo unalolisoma dakika hiyo. Kosa ninaloliona zaidi katika marejeo hutokea kwa wale wanaopitia historia, wakabonyeza kulinganisha matoleo mawili, kisha wakanakili anwani iliyotokea. Anwani hiyo ina `oldid` kweli, lakini pia ina neno `diff`. Msomaji akiifungua anakuta safu mbili zenye rangi zinazoonyesha kilichoongezwa na kilichoondolewa. Baya zaidi ni pale inapokuwa `diff=cur`, kwa sababu hiyo inalinganisha toleo lako na lililopo leo, yaani matokeo yake yanabadilika kila ukurasa unapohaririwa. Ukiona `diff` kwenye anwani, rudi ukabonyeze tarehe yenyewe.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Ripoti imerudishwa, ameambiwa athibitishe namba yake, na anakumbuka tu kwamba aliisoma mwishoni mwa Januari. Hana haja ya kupekua mamia ya mistari. Anaweza kuiomba historia ianzie tarehe anayoitaka kurudi nyuma:

```
https://sw.wikipedia.org/w/index.php?title=Tanzania&action=history&offset=20220201000000
```

Tarakimu za mwisho ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Mstari wa juu kabisa katika orodha inayotokea ni hariri ya mwisho iliyofanywa kabla ya Februari 2022 kuanza. Anaubonyeza, anatafuta namba ya sensa ndani ya maandishi, na akiikuta, namba ya toleo hilo ndiyo ya kuweka kwenye rejeo. Isipokuwamo, anashuka mstari mmoja, na mwingine, mpaka aikute.

Hapa saa ina mtego wake. Wikipedia huhesabu kwa saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Hariri iliyofanywa tarehe 31 Oktoba saa 22:15 UTC, kwa mtu wa Dodoma au Nairobi ilifanyika saa saba na robo usiku, na tayari tarehe ni 1 Novemba. Ukiandika tarehe ya toleo, andika na UTC mbele yake, na saa uiache kama ilivyo kwenye tovuti. Usiigeuze kuwa saa za Kiswahili, kwani anayekagua atailinganisha na orodha ya historia.

Rejeo kamili basi lina tarehe mbili. Ya kwanza ni ya toleo, siku ambayo mhariri alilihifadhi. Ya pili ni siku ambayo wewe uliusoma:

```
"Tanzania." Wikipedia, kamusi elezo huru.
Toleo la 28 Januari 2022, saa 09:40 UTC.
https://sw.wikipedia.org/w/index.php?title=Tanzania&oldid=1234567
Ilisomwa tarehe 30 Januari 2022.
```

Toleo la saba la mwongozo wa APA, unaotumiwa na vyuo vingi, linataka kiungo cha toleo maalumu lakini linaiona tarehe ya kusoma kuwa haihitajiki, kwa hoja kwamba ukurasa huo haubadiliki tena. Ukiwa umeagizwa kufuata APA, fuata APA. Lakini kwa maoni yangu hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya pili ndiyo inayoipa tarehe ya kusoma kazi yake.

Toleo linalohifadhiwa ni maandishi ambayo mhariri aliyaandika katika dirisha la kuhariri. Ndani ya maandishi hayo kuna sehemu ambazo hazimo, zimeitwa tu kwa jina kutoka mahali pengine. Kuna vigezo, ambavyo ni vipande vilivyoandikwa mara moja ili vitumike katika kurasa nyingi. Kuna picha na ramani, zinazokaa kwenye hifadhi yao. Na kuna wiki ambazo kile kisanduku cha taarifa pembeni mwa ukurasa huchota namba zake moja kwa moja kutoka hifadhidata ya Wikidata. Unapofungua toleo la zamani, programu inachukua maandishi ya siku ile, lakini vigezo, picha na data inaviita jinsi vilivyo leo.

Matokeo yake yanaweza kumchanganya mtu kabisa. Chukua ukurasa ambao aya yake ya kwanza ina namba ya sensa ya 2012 iliyoandikwa na mhariri kwa mkono, na kisanduku chake kinachota idadi ya watu kutoka Wikidata. Fungua leo toleo lake la Januari 2022. Aya inasema 44,928,923, kisanduku kinasema 61,741,120, na namba hiyo ya pili haikuwa imejulikana na mtu yeyote duniani siku toleo hilo lilipohifadhiwa. Kiungo cha daima kimefanya kazi yake sawasawa, kimeshika maandishi. Kisanduku hakikuwa chini ya ulinzi wake. Kwa mtu aliyenukuu kisanduku, kinachobaki kumtetea ni siku aliyosoma, kwa sababu hifadhidata nayo ina historia yake, na anayejua tarehe anaweza kwenda kuangalia ilisema nini siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kunukuu, jua ulichonukuu kimekaa wapi. Bonyeza kitufe cha kuhariri chanzo bila kubadilisha chochote, kisha tafuta namba yako ndani ya maandishi yanayotokea. Ukiiona, kiungo cha daima kinaishika. Usipoiona, inatoka kwingine, na tarehe ya kusoma si pambo tena. Na kwa namba kama hii ya sensa ni bora zaidi kwenda kwenye ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo Wikipedia yenyewe inaitegemea.

Kuna pia matoleo yanayofichwa. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa pale zaidi ya miezi minne. Ulipogundulika, haukurekebishwa tu katika toleo jipya. Wasimamizi waliyaondoa matoleo yenye uongo huo machoni pa umma. Ndivyo ilivyo hadi leo kwa kashfa, siri za watu na maandishi yaliyoibwa: msimamizi anaweza kuficha toleo moja, na ukurasa ukifutwa wote, matoleo yake yote yanafungwa kwa msomaji wa kawaida. Kiungo kinabaki, ila kinafungua ujumbe kwamba toleo hilo halipatikani.

Anayeandika kuhusu mambo ya aina hiyo, au anayenukuu kisanduku, ajiwekee nakala ya pili siku hiyo hiyo anayosoma. Anwani yenye `oldid` ibandikwe kwenye `web.archive.org/save`, na Wayback Machine itahifadhi ukurasa jinsi unavyoonekana saa ile, pamoja na kisanduku chake. Tarehe ya nakala hiyo huwa ndani ya anwani inayopewa, kwa tarakimu 14 zilizopangwa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Ziwekwe zote mbili kwenye rejeo, kiungo cha daima kwanza na cha nakala baada yake, na tarehe ya kusoma ilingane na hizo tarakimu.