Fuata Ncha: Namna ya Kulitambua Fundo kwenye Picha

Mtu akiletewa picha ya fundo na kuulizwa ni fundo gani, jicho lake hukimbilia katikati, pale kamba zilipobanana. Hapo ndipo penye maelezo machache kuliko kwingine kote. Mafundo mengi yakishakazwa hufanana katikati. Yanatofautiana pale kamba zinapoingia na kutoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta ncha, yaani ule mwisho mfupi wa kamba, na kuifuata kwa kidole hadi ujue imepita juu ya nini na chini ya nini. Kipande kirefu kinachobeba uzito nitakiita kamba kuu.

Tuanze na rifnoti, fundo ambalo kila skauti hufundishwa mapema. Lina vikunjo viwili vilivyoshikana, kila kimoja kikiwa kimekumbatia shingo ya mwenzake. Tazama upande mmoja wa picha: ncha na kamba kuu yake zinatoka pamoja, zikiwa sambamba, na zote mbili ziko upande uleule wa kikunjo kilichozikumbatia, ama zote juu, ama zote chini. Fundo zima hulala bapa. Ukiona moja ya kamba hizo imepita juu ya kikunjo na nyingine chini yake, hilo si rifnoti bali ni ndugu yake mbovu, grani, ambalo mtu hulifunga bila kukusudia anaporudia mzunguko wa pili kwa upande uleule wa kwanza. Grani likikazwa, ncha zake hukataa kulala sambamba na kamba kuu, zikajitokeza kwa upande.

Huhitaji kwenda mbali kuiona tofauti hii. Fundo la kawaida la kamba za viatu ni rifnoti lenye masikio. Inamisha macho utazame kiatu chako: masikio yakilala kwa upana wa kiatu, umefunga rifnoti, yakigeuka kuelekea kidoleni na kisiginoni, umefunga grani, na ndiyo sababu hufunguka kabla hujafika kituoni.

Yupo pia wa tatu anayejificha katika familia hiyo, fundo la mwizi. Katikati lina sura ileile kabisa ya rifnoti. Tofauti yake ni moja tu: katika rifnoti ncha zote mbili fupi ziko upande mmoja wa fundo, zote juu au zote chini, katika fundo la mwizi zimekaa kimshazari, moja juu kushoto, nyingine chini kulia. Likivutwa huteleza. Picha iliyokatwa ncha haiwezi kukuonyesha hilo, na mwenye hekima hatoi jibu hadi azione.

Rifnoti kazi yake ni kufunga kitu kinachokaa tuli: bandeji, kifurushi, au tanga lililokunjwa kupunguza upepo, na huko ndiko jina lake lilikotoka. Wauguzi na waokoaji hulipenda kwa kuwa halimwumizi mgonjwa akililalia. Lakini lisitumike kuunganisha kamba mbili za kubeba uzito. Mmarekani Clifford Ashley, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha mafundo mwaka 1944, alionya kwa ukali kwamba matumizi hayo yameua na kujeruhi watu wengi. Sababu yake unaweza kuiona kwa mikono yako: shika ncha moja na kamba kuu yake, uzivute kwa nguvu pande mbili tofauti. Kamba hiyo hunyooka, na ile nyingine hubaki imeizunguka tu, tayari kuchomoka.

Bolaini ndiyo fundo la kitanzi kisichokaza wala kulegea. Hutumika kufungia chombo gatini, kuteremsha ndoo kisimani, au kumpitishia kifuani mtu anayevutwa kutoka majini. Kwenye picha tafuta vitu vitatu: kitanzi kikubwa, kitanzi kidogo kinachobana, na kikunjo kilichoizunguka kamba kuu. Upande mmoja wa fundo utaona nyuzi mbili sambamba zikitoka ndani ya kitanzi kidogo. Ukiligeuza, utaona kikunjo kikiwa kimekatiza juu ya kamba kuu. Ncha mara nyingi huishia ndani ya kitanzi kikubwa. Ikiwa nje, bado ni bolaini, ila ya namna nyingine. Jambo la kuangalia zaidi ni urefu wa ncha hiyo. Bolaini isiyo na mzigo ikitikiswa-tikiswa hulegea, hasa kwenye kamba ngumu au ya nailoni inayoteleza, na ncha fupi huponyoka kwanza. Ndiyo maana wapanda milima wengi hujifunga kwa fundo la nane: mwenzako akilitazama mara moja anajua kama limefungwa sawa.

Klovuhichi hufungwa kwenye nguzo, mti au kigingi. Mbele yake kuna mkanda mmoja wa mshazari, na ncha zote mbili zinatoka chini ya mkanda huo zikielekea pande tofauti, umbo likikaribia herufi N. Mkanda ukiwa mnyoofu na ncha zikitoka chini yake zikiwa pamoja, upande mmoja, hilo ni fundo la ng'ombe. Lakini ukipigwa picha nyuma ya nguzo, mafundo haya mawili huonyesha kitu kimoja tu: pete mbili zilizolala sambamba. Hapo hata fundi mzoefu hawezi kuyatenganisha.

Sasa tuchukue picha moja ya ufukweni. Mashua imefungwa kwa kamba ya bluu, kamba haikutosha ikaongezewa ya manjano, na ya manjano imeishia kwenye nguzo ya mkoko. Kwenye pua ya mashua kuna kitanzi kikubwa, nyuzi mbili sambamba zimetoka kwenye kitanzi kidogo, ncha imebaki ndani na ni ndefu kama kiganja. Ni bolaini, na iko mahali pake. Kwenye maungio kuna fundo bapa. Kila ncha imelala kando ya kamba yake, na zote mbili ziko upande wa juu. Ni rifnoti, limefungwa vizuri kabisa, na limewekwa pasipo pake. Hapo palitakiwa fundo la kuungia kamba, ambalo umbo lake ni lile la bolaini, isipokuwa limefanywa kwa kamba mbili na halina kitanzi kikubwa.

Kwenye nguzo tunaona pete mbili tu, kwa hiyo tunaomba picha ya pili kutoka upande wa mbele. Asiifungue kamba, azunguke tu nguzo, asimame karibu, ncha zote zionekane. Na hata simu yake ikigeuza picha, kushoto kukawa kulia, hakuna kitakachoharibika: rifnoti hubaki rifnoti, bolaini hubaki bolaini.

Picha ya pili inaonyesha mkanda wa mshazari, ncha moja kushoto, nyingine kulia. Ni klovuhichi, lakini ncha yake ni fupi kama kidole gumba. Maji yakijaa na kupwa, mashua itazunguka huku na huko, kamba itacheza kwenye nguzo, na kila mchezo utaivuta ncha hiyo ndani kidogo. Dawa ni kuacha ncha ndefu, kuizungusha kwenye kamba kuu na kuipitisha chini yake, mara mbili, kisha kukaza.