Vitenzi vya Kijerumani katika wakati uliopo

Katika kamusi ya Kijerumani, karibu kila kitenzi huandikwa kikiwa na -en mwishoni: lernen ni kujifunza, wohnen ni kuishi mahali, kommen ni kuja. Sehemu inayobaki -en ikiondolewa ndiyo shina, na kwenye shina hilo hupachikwa viambishi vya nafsi. Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi (ninajifunza, unajifunza, anajifunza), lakini Kijerumani humwonyesha mwishoni. Kwa shina lern-, wakati uliopo huwa hivi: ich lerne (mimi), du lernst (wewe), er lernt (yeye), wir lernen (sisi), ihr lernt (ninyi), sie lernen (wao). Kwa mwanamke husemwa sie lernt, na kwa kitu au mtoto anayeitwa kwa jina lisilo la kiume wala la kike husemwa es lernt. Anayezungumza na mtu mzima asiyemzoea hutumia Sie, yenye herufi kubwa, na kitenzi chake hufanana na cha wao: Sie lernen.

Kiwakilishi hakiachwi. Kwa Kiswahili "mimi" katika "mimi ninajifunza" ni ya kusisitiza tu, ila kwa Kijerumani lernt peke yake haisemi kama anayejifunza ni yeye au ni ninyi. Kwa upande mwingine, mzigo mmoja unapungua: ich lerne hutosha kwa "ninajifunza", kwa "mimi hujifunza", na mara nyingi hata kwa "nitajifunza", iwapo sentensi ina neno la wakati kama morgen, yaani kesho.

Viambishi hivyo sita vinatosha kwa vitenzi vingi. Matatizo huanzia kwenye -st na -t, yaani kwenye du, er na ihr, na hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kuweka macho yake.

Tatizo la kwanza ni la matamshi. Shina la arbeiten, kufanya kazi, ni arbeit-, nalo tayari linaishia na t. Likiongezwa t nyingine, hakuna atakayesikia kwamba kiambishi kimewekwa. Kwa hiyo Kijerumani huingiza e katikati: du arbeitest, er arbeitet, ihr arbeitet. Mashina yanayoishia na d hufuata njia hiyohiyo: finden, kupata au kuona, hutoa du findest na er findet. E hiyo huhitajika pia pale shina linapoishia na m au n iliyotanguliwa na konsonanti isiyoshikana nayo vizuri, kama katika öffnen, kufungua (er öffnet), atmen, kupumua (du atmest) na regnen, kunyesha (es regnet). Lakini l na r hutamkika kwa urahisi kabla ya m na n, ndiyo maana husemwa du lernst na er filmt. Katika wohnen, h haitamkwi kabisa, basi ni du wohnst.

Mpaka huo unamhusu sana mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu lugha yake ina mazoea ya kutenganisha konsonanti kwa irabu. Kirtas ya Kiarabu ikawa karatasi. Mazoea hayo humsaidia kwenye arbeitest na kumponza kwenye lernst, ambayo wengi huitamka "lernest". Mjerumani atamwelewa, lakini umbo hilo ni kosa.

Mashina yanayoishia na s, ß, x au z yana jambo lao dogo: s ya kiambishi -st humezwa. Reisen, kusafiri, huwa du reist; tanzen, kucheza ngoma, huwa du tanzt.

Tatizo la pili liko ndani ya shina. Baadhi ya vitenzi hubadilisha irabu yake kwa du na er pekee. A hugeuka ä, inayotamkwa karibu na e ya Kiswahili: fahren, kusafiri kwa chombo, hutoa du fährst na er fährt. Au hugeuka äu, inayosikika kama "oi": laufen, kukimbia, hutoa er läuft. E hugeuka i au ie: sprechen, kuzungumza, hutoa er spricht, na lesen, kusoma, hutoa er liest. Nehmen, kuchukua, hubadilika zaidi hata konsonanti zake: du nimmst, er nimmt. Nafsi nyingine hazibadiliki, na hapo ndipo ihr huwachanganya wengi. Kwa kuwa er na ihr huishia na t, mwanafunzi huandika "ihr spricht". Sahihi ni ihr sprecht.

Kwa nini nafsi hizo mbili tu? Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita viambishi vyake vilikuwa na i ndani yake: feris kwa wewe, ferit kwa yeye. I hiyo iliivuta irabu ya shina ikaribiane nayo. Kiswahili kina mvutano wa aina hiyo, ingawa unakwenda upande wa pili: pika huzaa pikia, lakini soma huzaa somea, kwa kuwa irabu ya mzizi huamua irabu ya kiambishi. Katika Kijerumani i iliyosababisha mabadiliko imekwisha kutoweka, na alama yake imebaki kwenye shina.

Kwa kutazama tu umbo la kamusi, haiwezekani kujua kitenzi gani kitabadilika. Laufen hubadilika, ila kaufen, kununua, ni du kaufst. Tragen, kubeba, ni du trägst, ila fragen, kuuliza, ni du fragst. Sehen, kuona, ni du siehst, ila gehen, kwenda, ni du gehst. Njia ya uhakika ni kujifunza kila kitenzi pamoja na umbo lake la er: fahren, fährt, gehen, geht. Kamusi nzuri huonyesha umbo hilo kinapobadilika.

Sasa zikutanishwe kanuni zote mbili katika kitenzi kimoja. Halten, kushika au kusimama, ana shina halt-, lenye a inayobadilika na t mwishoni. Mwanafunzi aliyeshika kanuni ya e ataandika "du hältest" na "er hältet". Yote mawili si sahihi. Irabu ya shina inapobadilika, e haiingizwi: ni du hältst, na kwa yeye hata t ya kiambishi humezwa na ile ya shina, ikabaki er hält. Basi linalosimama kituoni ni der Bus hält. Kwa ihr irabu haibadiliki, hivyo e hurudi: ihr haltet. Mfululizo mzima ni ich halte, du hältst, er hält, wir halten, ihr haltet, sie halten.

Raten, kushauri, hufuata njia hiyo: du rätst, er rät, ihr ratet. Treten, kukanyaga, vilevile: du trittst, er tritt, ihr tretet. Laden, kupakia, huandikwa er lädt, kwa sababu d na t ni herufi mbili tofauti, ingawa sikio husikia t moja tu. Werden, kuwa kwa maana ya kugeuka, hupoteza hata d yake kwa wewe: du wirst, er wird, kisha ihr werdet. Pamoja na haben (du hast, er hat) na sein (ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind), ni kitenzi cha kukariri chote kama kilivyo.