Rangi nne ndani ya sentimita moja

Mchoraji wa aikoni huifanyia kazi kwenye kompyuta ikiwa kubwa kama sahani. Ikifika kwenye simu, huwa na upana wa sentimita moja tu, na jicho huipitia kwa kufumba na kufumbua. Kwa ukubwa huo huo ndipo inapofaa kupimwa.

Mfano mzuri ni wa Oktoba 2020, Google ilipobadilisha aikoni za programu zake za ofisi. Kabla ya hapo Gmail ilikuwa bahasha nyeupe yenye M nyekundu, Calendar ilikuwa ya buluu, na Meet ya kijani. Baada ya hapo zote zilivishwa nyekundu, manjano, kijani na buluu kwa pamoja. Watumiaji wengi walilalamika kwamba wanafungua programu wasiyoitaka. Hebu fikiria harusi ambayo ukoo mzima umevaa sare, nawe unamtafuta shangazi yako kutoka mlangoni.

Ukitazama kwa mbali, rangi hutangulia na umbo hufuata. Zamani wekundu peke yake ulitosha kusema "hii ni barua pepe". Rangi ilipoacha kutofautisha, mzigo wote uliangukia umbo, na maumbo yenyewe yalikuwa mistari minene iliyozunguka uwazi mweupe. Calendar angalau ilikuwa na namba 31 katikati.

Kuna na suala la mwangaza. Tofauti kati ya rangi mbili hupimwa kuanzia 1 kwa 1 hadi 21 kwa 1, ambayo ni nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG unataka michoro yenye maana ifikie angalau 3 kwa 1. Wekundu wa Google juu ya nyeupe unakaribia 4 kwa 1, lakini manjano yake hayafiki hata 2. Kwa hiyo juani kipande cha manjano hufifia, na umbo huonekana kama limemegwa.

Ajabu ni kwamba simu nyeupe ya WhatsApp juu ya kijani chake nayo ina kama 2 kwa 1, ilhali hakuna anayeipotea. Inaokolewa na bonge la rangi moja na umbo moja lililojaa. Kwa asiyetofautisha rangi vizuri, kinga hiyo hupungua.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, piga picha ya skrini, iondolee rangi, kisha iweke umbali wa mkono ulionyooka. Aikoni mbili zikifanana hapo, rangi ndiyo iliyokuwa ikizitenganisha.

Lakini kwanza zihamishe mahali pake. Kidole hukariri kona upesi kuliko jicho linavyokariri mchoro, na aikoni mbovu iliyokaa pale pale miaka mitatu itafaulu kila jaribio.